Kusikia si kusikiliza: kutunga hojaji fupi ya muziki kwa vijana wa Simi-Simi

Kazi ndogo ya utafiti juu ya vijana na muziki mara nyingi huanza na swali moja: "Unasikilizaka miziki ya lugha gani?" Majibu huandikwa, hesabu hufanywa, na hitimisho huja upesi: vijana wa Kisangani wanasikiliza Kilingala, basi Kiswahili kinarudi nyuma. Huenda hitimisho hilo ni la kweli. Lakini swali lililoulizwa haliwezi kulithibitisha wala kulikanusha, kwa sababu halionyeshi kijana alichagua nini na nini kilimfikia masikioni bila ridhaa yake. Kwa kitivo cha lugha hilo si jambo dogo. Tukitumia jibu la swali hilo kama ushahidi wa mabadiliko ya lugha mjini mwetu, tutakuwa tumepima sauti ya bafle, si lugha ya vijana.

Makala haya yanaeleza hojaji ya maswali tisa tuliyoitunga, sisi wanafunzi wanne wa lugha za Kiafrika, kwa ajili ya vijana wa miaka 18 hadi 25 wa mtaa wa Simi-Simi, komini ya Makiso. Data bado hazijakusanywa, kwa hiyo msomaji hatapata matokeo hapa. Atapata fomu yenyewe, na sababu ya kila neno lililowekwa ndani yake.

Swali la utafiti kabla ya maswali ya fomu

Hojaji fupi hubeba swali moja la utafiti, pengine mawili. Letu ni hili: je, lugha ya nyimbo ambazo kijana anazichagua mwenyewe ni ileile ya nyimbo zinazomfikia bila yeye kuzichagua?

Anayeujua mtaa ataelewa kwa nini tuliuliza hivyo. Nganda ina bafle yake mlangoni, na anayepita njiani anasikia kile mwenye nganda alichopenda. Jirani anafungua redio. Kwaya inafanya mazoezi jioni. Kioski cha kuchaji simu kinapiga nyimbo ili kuita wateja. Katikati ya sauti hizi zote kijana ana simu yake na pengine ekuta za masikioni. Mji wetu uko mahali ambapo Kiswahili cha mashariki na Kilingala cha mto vinakutana, na wengi wanavisema vyote viwili siku hiyohiyo. Lugha ya bafle inatuambia jambo juu ya wenye bafle na wateja wao. Lugha ya ekuta inatuambia jambo juu ya kijana. Fomu isiyotenganisha hizo mbili inazijumlisha, na baada ya kuzijumlisha hakuna hesabu inayoweza kuzitenganisha tena.

Kitenzi kinachobeba mambo mengi mno

Kikwazo cha kwanza kiko katika kitenzi chenyewe. Kiswahili sanifu kina kusikia, yaani sauti kufika sikioni, na kusikiliza, yaani kutega sikio. Mtu angedhani inatosha kuandika "kusikiliza" ili kupata muziki wa kuchaguliwa. Lakini katika Kiswahili chetu cha Kongo kusikia kuna kazi pana zaidi: "Unasikia Kifaransa?" maana yake ni "Unaelewa Kifaransa?" Kilingala nacho kina koyoka, kitenzi kimoja kwa kusikia, kuelewa na kuhisi. Anayeishi kati ya lugha hizi mbili anavichanganya vitenzi hivi bila kosa lolote.

Kwa hiyo swali "Unasikia miziki ya Kiswahili?" linaweza kupokewa kwa namna tatu. Mmoja atalijibu kama swali la uelewa: ndiyo, maneno ninayaelewa. Wa pili ataona anaulizwa kama nyimbo hizo zinamgusa. Wa tatu atajibu kama zinamfikia masikioni. Wote watatu watasema "ndiyo", na kwenye karatasi alama zao zitafanana kabisa. Kosa la namna hii ni la hatari kwa sababu halionekani katika majibu.

Kubadili kitenzi peke yake hakutatui. Ukiandika kusikiliza, wengine watalichukua kama kusikia, na katika tafsiri ya Kilingala utarudi kwenye koyoka. Tuliamua kukiacha kitenzi kifanye kazi yake nyepesi zaidi, yaani sauti kufika, na kuupeleka uchaguzi katika swali lake lenyewe. Kwanza tunauliza kama miziki ilisikika. Halafu tunauliza: "Nani alichagua hiyo miziki?" Kuchagua hakuna utata katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, na jibu lake ni mtu, si hisia.

Kiambishi -aka na neno "jana"

Kikwazo cha pili kimo katika mwisho wa kitenzi. Kiambishi -aka cha Kiswahili chetu, ambacho Kilingala pia kinacho, huonyesha mazoea. "Unasikilizaka nini?" ni sawa na "Huwa unasikiliza nini?" ya sanifu. Swali la mazoea linamtaka mtu akusanye siku nyingi kichwani, atafute wastani, halafu aseme. Karibu hakuna anayefanya hesabu hiyo. Anachofanya ni kujieleza: mimi ni mtu wa gospo, mimi ni mtu wa rumba, mimi ni mtu wa rapu ya Kifaransa. Jibu hilo ni la kweli kama picha ya nafsi, lakini si hesabu ya kilichotokea. Tena linaathirika na aliye karibu. Mbele ya mama mkubwa aliyeketi uani, watu wa gospo huongezeka.

Swali la tukio lina tabia nyingine. "Jana asubuhi, ulisikia miziki?" linamrudisha mtu mahali fulani na saa fulani. Alikuwa anafagia, redio ya jirani ilikuwa wazi. Hahitaji wastani, anahitaji kumbukumbu ya siku moja, na jana bado iko karibu.

Siku tumeigawa katika vipande vinne: asubuhi, mchana, jioni na usiku. Hatukutumia saa kwa makusudi. Ukisema "saa mbili usiku", mmoja anahesabu kwa Kiswahili, mwingine anafikiri namba anazoziona kwenye simu yake, na tofauti kati yao ni saa sita nzima. Vilevile hatuulizi "dakika ngapi". Hakuna anayepima muda wa nyimbo, na namba inayotolewa ili kumridhisha muulizaji ni mbaya kuliko kutokuwa na namba.

Usiwape orodha ya aina, waombe wimbo

Fomu nyingi huweka orodha ya aina za muziki na kisanduku cha kutia alama. Kuna vipimo vilivyokwisha kutungwa vinavyovutia kunakiliwa. Kimoja kinachojulikana sana ni kile cha wanasaikolojia Rentfrow na Gosling, kilichotolewa mwaka 2003, chenye aina 14 ambazo mtu anazipa alama kuanzia 1 hadi 7. Ndani yake mna kantri, hevi metali, bluzi na muziki wa filamu. Rumba haimo, wala ndombolo, ingawa rumba ya Kongo ilipokelewa na Unesko mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa binadamu. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani, na huko kina maana. Kikiletwa Simi-Simi, kijana atatia alama kwenye majina asiyoyatumia, na sisi tutachora grafu ya majina hayo.

Kutunga orodha yetu wenyewe kungepunguza shida bila kuimaliza, kwa kuwa tunachotafuta ni lugha, na lugha haifuati aina. Chukua "Yope" ya Innoss'B wa Goma, katika toleo la mwaka 2019 alilomshirikisha Diamond Platnumz wa Tanzania. Jina la wimbo ni la Kilingala, na Diamond anaimba Kiswahili. Utautia wapi? Kijana wa kwanza ataita wimbo wa Kilingala, wa pili wimbo wa Kiswahili, wa tatu atasema ni wa Kongo tu.

Kwa hiyo tunaomba jina la wimbo au la mwimbaji, halafu tunauliza lugha kwa maoni ya kijana mwenyewe. Baadaye mezani, wawili kati yetu wanausikiliza wimbo na kuandika lugha zake, kila mmoja peke yake, kisha wanalinganisha. Tuna makundi sita: Kilingala, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, mchanganyiko, na lugha nyingine, kama vile Kilokele. Wimbo unahesabiwa mchanganyiko iwapo beti nzima au kiitikio kizima kiko katika lugha ya pili. Neno moja moja la mkopo halitoshi. Pale ambapo maoni ya kijana na uamuzi wetu vinatofautiana, tunaandika vyote viwili. Tofauti hiyo si kosa la kusahihishwa. Pengine ndiyo data yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mwanaisimu, maana inaonyesha lugha gani inasikika kuwa ndiyo "ya" wimbo.

Fomu yenyewe

Maswali yafuatayo yanasomwa kwa sauti na muulizaji. Yameandikwa kwa Kiswahili cha mtaani, na kuna nakala ya pili kwa Kilingala. Kijana ndiye anayechagua lugha ya mazungumzo.

1. Uko na miaka ngapi?
2. Jana umeme ulikuwa kwenu: siku nzima, nusu ya siku, ao hapana?
3. Jana asubuhi, ulisikia miziki? Na mchana? Na jioni? Na usiku?
4. (Kwa kila "ndiyo") Ilikuwa fasi gani, na ilitoka ku nini: telefone, redio, televizyo, bafle, ao watu walikuwa wanaimba?
5. Nani alichagua hiyo miziki: wewe, mutu mwingine, ao mulichagua pamoja?
6. Unakumbuka wimbo moja ao mwimbaji moja wa hiyo fasi?
7. Kwako wewe, huo wimbo ni wa lugha gani?
8. (Kama alichagua mwenyewe kwenye telefone) Wimbo ulitoka wapi: mulikuchajia ku kioski, rafiki alikutumia, ao ulitumia mega zako?
9. Nyumbani munasemaka lugha gani?

Mpangilio una sababu zake. Swali la 9 liko mwisho kwa kuwa likiwekwa mwanzoni linamfahamisha kijana kwamba tunatafuta lugha, na ataanza kuwa mwaminifu kwa lugha ya nyumbani hata katika nyimbo. Kwa sababu hiyohiyo, utangulizi wa muulizaji unasema tu "utafiti juu ya miziki ya jana". Swali la 7 nalo haliulizwi hadi vipande vyote vinne vya siku vimekwisha. Ndipo tunarudi juu ya nyimbo zilizotajwa, mmoja baada ya mwingine. Msomaji ataona pia kwamba swali la 9 lina -aka. Hapo tunataka mazoea kweli, na kiambishi kiko mahali pake.

Swali la 2 linaweza kuonekana geni katika hojaji ya muziki. Lakini bila umeme bafle nyingi hunyamaza, redio ya betri hubaki, na simu hutunzwa kwa ajili ya kupiga. Siku ya giza ina muziki wa namna yake. Asiyeuliza juu ya umeme atadhani amepata tofauti kati ya vijana, kumbe ni tofauti kati ya usiku wenye taa na usiku usio na taa.

Swali la 8 linatukumbusha kwamba hata kuchagua kuna mipaka. Kijana asiye na mega huchagua ndani ya kile kilichomo katika karte memware yake, na kilichomo kilipangwa kwa sehemu na kijana wa kioski aliyemchajia nyimbo mia kwa mpigo. Hilo halifuti uchaguzi wake, lakini linatuzuia kuuita uhuru kamili.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tumchukue msichana wa kubuni wa miaka 20, anayeulizwa siku ya Jumanne. Kwa fomu ya zamani, "Unasikilizaka miziki ya lugha gani?", anajibu "Lingala", na mambo yanaishia hapo.

Kwa fomu mpya anarudi Jumatatu. Asubuhi aliosha vyombo, redio ya jirani ikapiga wimbo wa Koffi Olomide, hakuchagua yeye. Mchana, akisuka nywele za dada yake, alifungua kwenye simu gospo ya Kiswahili. Alichagua mwenyewe, na wimbo alitumiwa na rafiki. Jioni alitumwa dukani na kupita mbele ya nganda: rumba, mtu mwingine alichagua. Usiku alivaa ekuta na kusikiliza rapu ya Kifaransa iliyokuwamo katika karte yake.

Matukio ni manne. Katika yale mawili asiyoyachagua, yote mawili ni Kilingala. Katika yale mawili aliyoyachagua, moja ni Kiswahili na moja ni Kifaransa, na Kilingala hakimo. Jibu lake la kwanza halikuwa uongo. Alieleza hewa ya mtaa wake. Kijana mwingine anaweza kutoa picha iliyo kinyume kabisa, na fomu ingemwonyesha pia. Thamani yake iko hapo: haipendelei hitimisho lolote mapema.

Siku saba, vijana 56

Kuuliza juu ya jana kuna gharama yake. Ukienda kuuliza Jumamosi tu, kwa kuwa ndiyo siku isiyo na masomo, "jana" zako zote zitakuwa Ijumaa. Ukienda Jumatatu tu, zote zitakuwa Jumapili, na utafikiri Simi-Simi nzima inaimba kwaya. Ndiyo maana tumechagua vijana 56: siku saba mara watu wanane, wanne wasichana na wanne wavulana kwa kila siku. Kila muulizaji anaongea na vijana wawili kwa siku, kazi inayowezekana hata katika wiki ya masomo.

Mahali pa kuwapata pia panapinda majibu. Anayesimama karibu na nganda anapata watu wa nganda. Anayesimama mlangoni pa kanisa anapata wanakwaya. Sisi tunafuata avenyu na kuingia katika kila parsele ya tano, na kumwuliza kijana mmoja tu kwa kila parsele. Tukimkosa tunarudi mara moja jioni kabla ya kwenda kwa parsele inayofuata, la sivyo tutawakusanya wale wanaoshinda nyumbani tu. Mazungumzo yanafanyika mahali ambapo watu wa nyumbani wanaona lakini hawasikii. Tunaomba ridhaa kwa mdomo, jina haliandikwi, fomu ina namba tu, na aliye chini ya miaka 18 tunamshukuru na kuishia swali la 1.

Ni lazima pia kujua namba 56 haiwezi kufanya nini. Hata kama watu wangechaguliwa kwa bahati nasibu kamili, asilimia 50 katika kundi la ukubwa huo ingekuwa na shaka ya takriban pointi 13 juu na pointi 13 chini. Ukilinganisha wasichana 28 na wavulana 28, tofauti iliyo chini ya pointi 26 hivi inaweza kuwa bahati tu. Na watu wanane wa siku moja hawatoshi kusema lolote juu ya Jumapili peke yake. Wamewekwa ili siku zisawazishane, si ili zilinganishwe. Kwa hiyo ripoti itasema juu ya vijana hawa 56, na itakaa kimya juu ya "vijana wa Kisangani".

Kuijaribu kabla ya kuitumia

Jaribio letu litafanywa kwa vijana watano wasio wa Simi-Simi, ili tusipunguze watu wa utafiti wenyewe. Kila mmoja anajibu fomu nzima, halafu tunarudi nyuma na kumwomba kwa kila swali: "Kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Hatumwulizi kama swali ni zuri, kwa maana kwa adabu atasema ni zuri. Tunataka alirudie.

Dalili za swali bovu ni chache na zinaonekana. Kijana anakaa kimya muda mrefu. Anajibu kwa swali, kama "Miziki ya wapi?" Anatoa jibu ambalo fomu haina mahali pa kuliandika. Au wote watano wanatoa jibu lilelile, jambo linaloonyesha kwamba swali halitofautishi chochote. Sheria tuliyojiwekea ni kwamba vijana wawili wakilirudia swali kwa maana isiyo yetu, linaandikwa upya na kujaribiwa kwa watano wengine. Nakala ya Kilingala inapitia njia hiyohiyo, na kabla ya hapo mwenzetu asiyeiona nakala ya Kiswahili anairudisha Kilingala hicho katika Kiswahili. Pale koyoka inaporudi kama kuelewa, tunajua ni neno gani la kushughulikia.

Tunakadiria mazungumzo yasizidi dakika kumi. Yakizidi, swali litakaloondoka kwanza ni la 8. Swali la 5 halitaondoka. Bila hilo tunabaki na orodha ya nyimbo zilizosikika Simi-Simi, na orodha hiyo mtu anaweza kuipata kwa kusimama njiani jioni moja, bila kumwuliza kijana yeyote.